Gari Ikiandika "Service Vehicle", Usiichomeke kwa Stima

Nilikuwa nimeshika simu nikirekodi, na hiyo ndiyo sehemu inaniaibisha mpaka leo. Binamu yangu amefika nyumbani saa nne usiku na gari yake ya umeme, ile anafanyia teksi, na mimi nataka video ya sekunde thelathini ya "tunavyochaji mtaani". Ekstensheni imetoka jikoni, imepita chini ya mlango, imelala kwenye simenti iliyoloweshwa na mvua. Kwenye dashibodi kuna maandishi: "High voltage isolation fault. Service vehicle."

Akachomeka. Ikachaji dakika mbili, ikakata. Akachomoa, akachomeka tena. Ikakata. Mara ya tatu ikakubali, na sisi wote wawili tukafurahi kama watu waliotengeneza kitu.

"Si unaona?" akaniambia. "Ni mvua tu. Iko asilimia 38, kesho nina mteja wa eapoti saa kumi na moja alfajiri."

Namwelewa. Gari ya mkopo ikilala, mkopo haulali. Lakini nilituma ile klipu kwa fundi mmoja wa magari ya umeme ninayemjua, dada ambaye kawaida hujibu kesho yake. Siku hiyo alipiga simu kabla sijaiweka simu mezani. "Mwambie achomoe sasa hivi. Azime gari. Na mtu asiishike tena mpaka nije."

Nyinyi mnanijua, niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo nitaeleza vile fundi alinieleza mimi. Stima ya nyumbani, waya mmoja umefungwa kwa ardhi kule kwa transfoma. Ndiyo maana ukigusa waya wa moto ukiwa umesimama chini, unapigwa: stima inapita kwako, inaingia ardhini, inarudi kwao. Betri kubwa ya gari haiko hivyo. Ya binamu yangu ni volti 360 hivi, na ncha zake mbili, chanya na hasi, hazijafungwa popote kwa bodi ya gari. Zinapita tu ndani ya zile nyaya za rangi ya chungwa. Ukigusa ncha moja peke yake, stima haina njia ya kurudi.

Sasa, kinga ikitoboka upande mmoja, tuseme chanya, stima inavuja kwa bodi. Na hakuna kinachotokea! Gari inaenda poa, redio inaimba, hakuna anayepigwa. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Kilichobadilika ni kwamba bodi nzima ya gari, milango, boneti, kila chuma, sasa imekuwa ncha moja ya betri. Kinga ya kwanza imekwisha na umebaki na moja. Upande wa pili ukitoboka, njia imekamilika kupitia bodi, na ikiwa kilicho katikati ni mkono wako, imekamilika kupitia wewe. Kompyuta ya gari hupima hiyo kinga kila wakati ili ikuambie kwenye tundu la kwanza, kabla ya la pili.

"Sawa, lakini gari imeegeshwa," binamu akamwambia kwenye simu. "Si afadhali ichaji ikiwa imetulia?"

Jibu lake ndilo limenifanya niandike hii kitu. Gari ikizimwa, kuna swichi kubwa ndani ya betri zinazofunguka, na ile volti 360 inabaki imefungiwa ndani ya boksi lake. Ukichomeka chaja, swichi hizo zinafunga tena. Nyaya za chungwa zinapata stima, pamoja na kile kifaa kilichoharibika, kwa saa saba au nane, wakati nyinyi mmelala na watoto wa jirani wanaamka kucheza karibu na hiyo gari. Kwa hivyo kuchaji si kupumzisha gari. Ni kuiwasha usiku kucha bila dereva.

Na kuna lingine. Chaja iliyo ndani ya gari ndiyo mahali stima ya nyumbani na betri kubwa hukutana. Ikiwa hitilafu iko hapo, kinachokulinda ni waya wa athi na kikatizi cha ukutani. Yaani ile ekstensheni yetu ya jikoni, ambayo hakuna mtu amewahi kuipima. Na kama chanzo ni maji au kupozea kulikovuja ndani ya betri yenyewe, kuendelea kuijaza ni kuongeza nguvu kwenye kitu ambacho kinaweza kushika moto.

Asubuhi gari ilibebwa juu ya lori. Fundi alivaa glavu za mpira za volti 1000, akatoa plagi ya usalama ya betri, akangoja dakika kumi ili stima iliyobaki kwenye vifaa iishe. Halafu akachomoa kifaa kimoja kimoja na kukipima na mita ya kinga. Chaja, sawa. Hita, sawa. Kompresa ya kiyoyozi: ohm 40,000. Nzima ingesoma mamilioni. Sheria ya kimataifa ya magari haya, UN R100, inataka mfumo kama huu uwe na ohm 500 kwa kila volti, yaani 360 mara 500, ohm 180,000. Gawanya 360 kwa 40,000 upate miliampea 9 zinazoweza kuvuja. Kinga ikishuka hadi ohm 4,000 ni miliampea 90, na kikatizi cha nyumbani hukata kwenye 30 kwa sababu ya moyo wa binadamu.

Akauliza, "Kiyoyozi kiliguswa lini?"

Jumamosi. Fundi wa barabarani aliongeza gesi na oili. Aliweka PAG, ile ya magari ya petroli. Kompresa ya umeme ina mota ndani yake, inaogelea kwenye hiyo oili, kwa hivyo inataka POE, ambayo haipitishi stima. PAG inapitisha kiasi. Mvua haikuwa na hatia hata kidogo.

Hiyo haimaanishi kila ujumbe ni oili. Wakati mwingine ni unyevu kwenye soketi ya kuchajia, na mchana ukikauka ujumbe unapotea. Kupotea si kupona, usiku utarudi. Na usimruhusu mtu na kale kakifaa ka elfu mbili afute kodi kabla ya kuisoma. Yetu ilikuwa P0AA6, na ndiyo ilimwambia fundi aanzie wapi. Chaja za kasi nazo hupima kinga zenyewe na kukataa, kwa hivyo kuhamia kituo kingine ni kutafuta chaja itakayokosea.

Ikikupata barabarani, usizime katikati ya lami, kwa sababu magari mengi yakishazimwa na hitilafu hii hayawaki tena. Toka pembeni, mahali salama, ndipo uzime, piga picha ya ujumbe, itisha lori la kubeba. Usifungue boneti. Ukisikia harufu kali au mlio wa kufoka, shukeni wote, mwende mbali, mpige 999.

Binamu alikosa mteja wa eapoti na siku sita za kazi. Kompresa mpya, mabomba kuoshwa yote. Alirudi kumwonyesha yule fundi wa Jumamosi, akaambiwa oili ni oili. Alitaka kuanza kubeba mkebe wake wa POE, lakini dada akamkataza: mipira ya ile mashine ya gesi imejaa PAG ya magari mengine. Siku hizi anavuka mji mzima kwa mtu mwenye mashine ya magari ya umeme pekee. Ile klipu sijaiposti.