Mvua Imekatika Mapema: Nilivyochelewa Kujua Kwa Nini Mzee Hapulizi Mikorosho

Leo siongelei mbegu wala dawa moja kwa moja. Nataka tuongee kuhusu maongezi yetu ya kila siku, yale ya mvua na palizi, na namna yanavyoweza kufika kwenye jambo lenyewe bila kumfukuza mtu. Nimejifunza kwa kukosea, na kosa langu lilimgharimu mzee mmoja msimu mzima wa korosho.

Sasa nipo Kibaha, lakini kituo changu cha kwanza baada ya stashahada kilikuwa Kisarawe, upande wa Maneromango. Huyo mzee alikuwa na mikorosho 40 mikubwa na muhogo kidogo bondeni. Masika ilipokuwa inaishia nilimkuta amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Karibu kiti."

"Ahsante. Habari za shamba?"

"Njema. Mvua ndiyo hiyo, hatuielewi."

Tukaongea mvua. Kisha nikamweleza mambo ya msimu: kufyeka chini ya mikorosho mapema, na kupuliza salfa maua yanapoanza kuchomoza ili ubwiri unga usiyakaushe. Nilimwambia apulize alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, kiasi cha robo kilo kwa mti mkubwa kila raundi, na arudie kila baada ya wiki mbili hivi mpaka korosho zishike. Alitikisa kichwa akasema, "Nimekuelewa, mwanangu."

Mwezi wa sita nilirudi. Chini ya mikorosho nyasi zilifika magotini na hapakuwa na dalili ya salfa. Mkewe alikuwa anamenya muhogo barazani, na majirani wawili walikuwa wamekaa naye. Mimi nikaona nisizunguke, niulize tu: "Mzee, tatizo ni hela? Au kuna mtu anakudai?"

Mzee alitazama chini, akasema, "Mungu ni mkubwa. Mvua mwaka huu imekatika mapema."

Sikusikia alichoniambia. Nilidhani ananikwepa, nikarudia swali kwa maneno mengine. Akarudia mvua. Tangu siku hiyo, kila nikipiga hodi mjukuu wake alinijibu babu amesafiri, na huku baiskeli yake naiona ukutani. Mwezi wa nane maua yalikuwa na vumbi jeupe, mengine yameshageuka kahawia na kukauka. Alivuna kidogo sana.

Ilinichukua muda kuelewa nilichofanya. Jambo la kwanza, nilimuuliza habari ya deni mbele ya mkewe na majirani. Hata angetaka kusema, asingeweza. Jambo la pili ni zito zaidi. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwenye korosho swali la deni lina harufu ya upelelezi. Mnajua habari za kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya ushirika, mara nyingi hela ikitolewa kabla ya mavuno. Imepigwa marufuku. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, wakulima walihakikiwa mashamba kabla ya kulipwa ili watu wa kangomba wabainike. Watu hawajasahau. Kwa hiyo bwana shamba akiuliza "nani anakudai?", mkulima anasikia "nani nimpeleke ofisini?"

Mwaka uliofuata niliamua kuanza upya naye, na safari hii niliyapa maongezi ya mvua heshima yake. Mvua ndiyo jambo ambalo watu wawili wanaweza kuliongelea bila yeyote kuonekana ana shida. Anayekujibu kwa mvua hajakataa maongezi. Anakuonyesha mpaka wake wa siku hiyo.

Siku ya kwanza sikwenda kwenye mikorosho kabisa. Nilimkuta anapalilia muhogo, nikaomba jembe jingine, tukaenda mistari miwili pamoja. Nikamuuliza, "Mvua ya mwaka jana ilivyokatika mapema, muhogo huu wa bondeni ulihimili?" Bado ni swali la mvua, ila sasa ni mvua juu ya shamba lake, siyo mvua ya nchi nzima. Akanieleza vizuri, mpaka akang'oa shina moja anionyeshe mizizi. Nikaaga hapo hapo. Nilitaka aone kwamba naweza kuja na kuondoka bila kumchimba.

Mara ya pili nilitoka kwenye kazi nikaenda kwa watu wa kazi. "Palizi mwaka huu unasaidiana na nani?" Swali hili ni la shamba, mtu yeyote anaweza kuliuliza, lakini linampa mwenzako nafasi ya kuchagua ajibu kwa ufupi au kwa urefu. Alijibu, "Mwenyewe tu. Vijana wapo Dar." Kisha akanyamaza na kuanza kunoa jembe. Nikajua leo mwisho ni hapo. Nilimjibu, "Pole na kazi, mzee," tukarudi kwenye mvua ya vuli. Kama ningesema, "Kwani hawakutumii hela?", ningerudi kule kule kwa mwaka jana.

Mara ya tatu tulikuwa wawili tu, tumepumzika chini ya mkorosho. Nilimpa habari yangu ndogo. Nilimwambia kwamba mwaka niliokwenda chuoni, baba yangu aliuza mahindi yangali mabichi shambani ili apate ada, na kwamba mpaka leo tukikaa naye haipendi habari hiyo. Sikumalizia na "na wewe je?" Nilinyamaza.

Hapa nieleze kidogo, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu. Habari unayotoa iwe ya ukubwa ule ule na ile unayodhani mwenzako anayo, au ndogo kidogo. Ukimwaga makubwa, ya ndoa yako na magonjwa yako, unampa mzigo, atajiona analazimika kulipa. Na iwe ya kweli. Vijijini uongo wa aina hiyo unajulikana ndani ya wiki.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mti ukishakuwa mkononi mwa mtu, hata panga linakuwa zito."

Nilitamani kuuliza ni nani na ni kiasi gani. Nikajizuia. Jina lingemtia hofu na kiasi kingemtia aibu, na mimi vyote viwili sikuvihitaji. Nilichohitaji kama bwana shamba ni kujua kazi gani bado ina faida kwake. Nikauliza, "Ni mpaka mavuno ya mwaka huu, au na mwakani?"

"Mwaka huu ndiyo mwisho."

"Ni yote?"

"Ishirini na mitano. Ile kumi na mitano ya kule juu ni yangu."

Alikuwa ameiweka rehani. Mkewe aliugua mwezi wa nne, wakati ambao hela ya korosho bado iko mbali, maana mavuno huanza mwezi wa kumi na malipo ya ushirika husubiri mnada. Aliyempa hela atachukua mavuno ya miti 25 kwa misimu miwili. Sasa fikiri: mimi nilikuwa namhimiza anunue salfa na apande milima alfajiri kupulizia miti ambayo korosho zake zinakwenda kwa mtu mwingine. Hakuwa mvivu wala mbishi. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ushauri wangu ndio haukufaa.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Tuliachana na miti 25, tukashughulikia 15. Robo kilo kwa kila mti ni chini ya kilo nne kwa raundi moja, kiasi ambacho angeweza kukinunua kidogo kidogo, na mashine aliazima. Nilimshauri pia kwamba mwisho wa rehani uandikwe mbele ya shahidi anayemwamini, lakini nikamwachia mwenyewe aamue. Alivuna ile 15 vizuri. Sisemi alitajirika. Nasema aliacha kusafiri nikipiga hodi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nusura nilikosee. Nilipokwenda tena wiki iliyofuata, nilitaka kuanza na, "Vipi lile jambo letu?" Nikamwona uso wake umebadilika kabla sijafungua mdomo. Mtu akishakwambia neno la ndani, kesho yake huwa anajuta kidogo na anakuangalia utamtazama vipi. Nikaanza na shikamoo, nikauliza umande wa asubuhi. Nikamwona anapumua. Alilitaja mwenyewe baadaye, tulipofika kwenye miti.

Nanyi wachuuzi, jambo hili ni lenu pia. Nikiwa hapa Mlandizi nimeona mwenye duka anamfokea mteja wa mkopo mbele ya foleni, "Mbona siku hizi unapita mbali?" Mteja huyo hatapita tena hata karibu. Jirani yake hufanya vingine: mteja akipita anamsalimu, anamuuliza kama mvua imefika kwao Soga, anamwuzia chumvi kwa hela taslimu kama kawaida. Siku wakiwa wawili tu anauliza, "Mihogo ya safari hii umepata mnunuzi?" Hilo ni swali la kazi, lakini jibu lake linamwambia kama deni litalipwa mwezi huu au baada ya mavuno.

Njia hii ina mipaka yake. Haifai kila mahali. Ukiona mtoto ana njaa, mtu anapigwa nyumbani, au mgonjwa hapelekwi zahanati, usingoje ziara ya tatu. Mwite pembeni uulize waziwazi siku hiyo hiyo. Na wapo watu ambao hawatakwambia chochote miaka yote, na ni haki yao. Utawashauri kuhusu shamba, mtaagana vizuri, basi.

Ninachokiangalia sasa ni kitu kimoja. Nikiuliza swali la kazi na mtu akarudi kwenye mvua, narudi naye. Siku akitoka mwenyewe kwenye mvua akamtaja mtu, mtoto, mkewe au jirani, namfuata hatua moja, siyo mbili.

Mwezi wa sita hauko mbali. Wenye mikorosho, fyekeni mapema. Na ukiona shamba la jirani limejaa nyasi, kabla hujasema ni mvivu, mpitie umuulize mvua ilikuwaje upande wake.