Usimwitishe Mzazi Karo Mahindi Yakiwa Shambani

Mwaka juzi shule moja ya kibinafsi hapa Endebess ilinipa kazi ya kuitafutia watoto wa Gredi ya 1. Nikaandika karo yote kwa esemesi moja, nikaituma katikati ya Novemba, Jumatatu saa tatu asubuhi. Simu ikanyamaza tu.

Mamangu alinicheka. "We, Novemba nani ako na pesa? Mahindi bado iko shambani."

Hapo ndio nilishika. Shule inafunguliwa Januari, lakini karo ya watu wengi hapa Trans Nzoia inatoka kwa gunia. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, halafu yakaushwe, yapukuchwe, ndio yauzwe. Ukitaja pesa kabla ya hapo, mzazi anaona unamsumbua.

Mwaka jana niligawanya ujumbe. Wa kwanza ulienda muhula wa tatu ulipofungwa, watoto wakiwa wamefika nyumbani na ripoti. Huo ndio wakati mzazi anajiuliza kama ahamishe mtoto. Sikutaja karo kabisa:

"Mzazi, ripoti ya mtoto umeiona? Karibu utembelee madarasa yetu Jumamosi saa nne. Jibu kwa gredi ya mtoto, mfano G1."

Haifiki herufi 160, kwa hivyo inalipiwa kama esemesi moja. Niliituma saa moja unusu jioni, ng'ombe wamekamuliwa na watu wako ndani. Ujumbe wa karo na kulipa pole pole ulingoja katikati ya Desemba.

Majibu yakaja. Sasa skiza penye tuliharibu: laini ya shule ilikuwa ya ofisi. Ijumaa jioni simu ikafungiwa kwa droo, ikafunguliwa Jumatatu. Mama mmoja alikuwa ameuliza, "Basi linafika Chepchoina?" Tulipompigia, alikuwa ashaongea na shule ingine. Hakutushinda bei, alishindwa kungoja.

Tangu hapo simu nakaa nayo mimi. Nina kitabu cha kurasa 48 chenye safu tano: jina, namba, gredi, mahali anaishi, na siku ya kumpigia tena. Anayejibu nampigia jioni hiyo hiyo, na naanza na swali lake, si hotuba ya shule. Akisema "nitaona," namuuliza nimpigie lini. Akisema akiuza mahindi, naandika hivyo, narudi wakati huo. Simu tatu bila jibu, naachana naye. Akisema asitumiwe tena, nafuta namba. Sheria ya data ya 2019 inampa hiyo haki. Pia namba za kupiga picha kwa kitabu cha wakala wa M-Pesa sigusi, hata mwalimu mkuu aniletee mwenyewe.

Kwa hivyo ukipewa kazi kama hii, angalia hivi. Hakuna anayejibu? Kagua saa na msimu. Wanajibu lakini Jumamosi hawaji? Bango halina makosa, nenda uangalie nani ameshika simu.