Ng'ombe Aliyepotea Mara Mbili

Tunakaa wawili katika chumba kimoja karibu na Kilburn High Road, na Machi iliyopita tulipoteza usiku mzima tukimtafuta ng'ombe. Mahojiano ya tasnifu yetu yalitakiwa kesho yake saa tatu asubuhi. Tulipofungua faili, kila "ng’ombe" ilikuwa "ngâ€™ombe", na "ng’ambo" nayo vivyo hivyo.

Kilichotuuma ni kwamba tatizo lilelile tulilimaliza Novemba, na tuliandika! Tulipekua daftari letu la kompyuta hadi karibu na alfajiri. Maandishi yalikuwemo, chini ya kichwa "Usimbaji umetengemaa". Nani hukumbuka neno usimbaji saa nane za usiku? Tulikuwa tumeandika jina la dawa, tukasahau kuandika maumivu.

Sasa kila ukurasa huanza na kile kilichoonekana kwenye skrini, kimenakiliwa kama kilivyo, hata kikiwa takataka. Huo wa ng'ombe unaanza na "â€™". Chini yake tumeandika sababu: ritifaa iliyopinda huhifadhiwa katika UTF-8 kwa baiti tatu, na programu inayosoma kwa cp1252 huziona baiti hizo kuwa herufi tatu. Ritifaa iliyonyooka haidhuriki, na ndiyo maana maneno mengine yalibaki mazima. Kisha inafuata dawa:

```python
matini = matini.encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Mstari huu ni wa faili iliyokwisha kuhifadhiwa ikiwa imeharibika. Kama faili asilia bado ni nzima, inatosha kuifungua upya kwa `encoding="utf-8"`. Mambo haya mawili hatukuyatenganisha Novemba, tukakaribia kuharibu nakala iliyo nzima.

Mwisho wa ukurasa tunaandika pale dawa inaposhindwa. Alama iliyopinda ya kufunga nukuu ina baiti ya tatu, 9D, isiyo na herufi yoyote katika cp1252. Ikiwemo, mara nyingi Python hugoma na kutoa `UnicodeEncodeError`. Ujumbe huo nao tumeunakili, maana huenda siku moja tukautafuta wenyewe.

Kutafuta ni amri moja tu:

```
grep -rn "â€" daftari/
```

Mwezi Mei mwenzetu wa chama alituletea methali zake, zimejaa alama hizohizo. Ukurasa ulipatikana kabla chai haijachemka. Python iligoma, kama tulivyokuwa tumeandika, kwa sababu ya nukuu. Tuliziondoa kwanza zile za kufunga, tukaendesha ule mstari, kisha tukazirudisha kwa mkono, moja moja, yeye akitusomea kutoka kwenye karatasi yake.