Rili Haijaja

Mjomba wangu alikuwa karani wa duka la Mhindi pale Darajani, na Kihindi alikiokota humo humo dukani. Mwaka 1958 alinifuata Makunduchi, tukapanda gari la shamba hadi mjini. Jioni akanivalisha kanzu iliyopigwa pasi, akanipeleka sinema kutazama Awara.

Filamu ile ilitoka India mwaka 1951, na watu wa Unguja walikuwa hawaichoki. Waliotuzunguka walizijua nyimbo kabla hazijaanza. Maneno ya Kiswahili hayakuwepo kwenye pazia, kwa hiyo mjomba alinitafsiria sikioni. Haukupita muda nikaona watu wa safu ya mbele nao wameinamisha vichwa nyuma, wanamsikiliza yeye.

Raj, mtoto wa maskini, alikuwa ameiba mkate ampelekee mama yake mwenye njaa. Akakamatwa. Mara pazia likawa jeupe, taa zikawashwa.

Nilidhani imekwisha, nikasimama. Mjomba akanivuta kanzu. "Kaa, mwanangu. Rili haijaja."

Akanieleza. Filamu ndefu kama ile haikai kwenye mkanda mmoja. Hugawanywa rili, na kila rili hucheza dakika 20 hivi. Nakala iliyoletwa ni moja, na usiku ule ilionyeshwa kwenye sinema mbili. Ya kwanza huanza mapema kidogo; rili ikimalizika huko, huzungushwa upya, ikatiwa ndani ya kopo la bati, na kijana akaipakia baiskeli kuikimbiza huku. Kipo chumba nyuma yetu chenye mashine mbili: moja ikikaribia kumaliza, kidoa cha duara huchomoza pembeni juu, upande wa kulia wa picha, na fundi huiwasha ya pili. Mtazamaji hahisi kitu, mradi rili imeshafika.

Ile haikufika. Watu wakapiga miluzi, wakagonga viti, mmoja akauliza kwa sauti kama kijana amesimama Forodhani kula mishkaki. Ukumbi mzima ukacheka. Alipoingia, jasho linamtiririka na kopo kwapani, alipigiwa makofi ambayo nyota wa filamu, Raj Kapoor mwenyewe, hakuyapata. Kumbe baiskeli ilitoboka gurudumu njiani.

Rili mpya ikaanza: mwanamume mzima yumo jela, mkate mkononi. Nikauliza yule mtoto yuko wapi. "Ndiye huyo," mjomba akasema. "Amekulia humo." Kuanzia hapo macho yangu hayakutoka pale juu kuliani. Kila kidoa kilipochomoza, nilishika pumzi mpaka picha iendelee.

Kesho yake, ndani ya gari, mjomba aliniambia kwamba hakimu aliyemkana Raj kwenye filamu ni baba mzazi wa Raj Kapoor kweli. Nilikataa katakata. Lakini ndivyo: jina lake Prithviraj Kapoor, na yule mtoto mwizi wa mkate ni mwanawe mwingine, Shashi.