Con, cái na hamu ya nyumbani

Jamani, sisi tuliokulia kwenye ngeli tusiogope Kivietinamu. Ukihesabu, unataja namba, kisha neno la kuonyesha aina, ndipo jina lenyewe: hai con mèo, paka wawili; hai cái bàn, meza mbili. Con kwa wanyama, cái kwa vitu. Rahisi, sivyo?

Ngoja kwanza. Kisu ni con dao, mto ni con sông, jicho ni con mắt. Mwenzangu wa chumba, binti wa Hanoi, anasema hivyo vina mwendo kama wanyama. Sawa, lakini gari nalo linakimbia, na kwa kawaida ni cái xe au chiếc xe! Basi maelezo hayo ni ya kusaidia kumbukumbu tu; kila jina likariri pamoja na neno lake.

Mambo ya moyoni nayo yana maneno yake. Furaha ni niềm vui, huzuni ni nỗi buồn: niềm huenda na hisia njema, nỗi na zile zinazoumiza. Nikamwuliza, je, hamu ya nyumbani? Hakusita: nỗi nhớ nhà. Kumbe hata kwao iko upande wa maumivu.