Kioo Kwanza

Ustadhi wangu alipofariki, wanawe waliniita karakanani kwake nichague vitakavyonifaa, nami nikatoka mikono mitupu, kwa kuwa rafu zote zilijaa flaibeki na spea nyingine za televisheni za chogo, ambazo hapana tena azichukuaye kwa fundi. Kazi yangu ilianzia kwenye rafu hizo. Nilizaliwa Unguja, nilikuwa mtoto wa chuoni ilipoanzishwa televisheni ya rangi hapa mwaka 1973, na tangu siku ile sikuwa na hamu ya elimu nyingine. Nilipomaliza skuli nikaenda kumwamkia fundi yule, akanipa ufagio, kisha baada ya muda mrefu chuma cha kulehemu.

Zama za chogo, swali la kutengeneza au kununua nyingine lilikuwa nadra, kwani aghalabu kilichoharibika kilikuwa kitu cha thamani ndogo, na spea ya kampuni hii iliweza kufaa ya kampuni ile. Zilipokuja bapa mambo yalipinduka: kilicho ghali kuliko vyote ni kioo, nacho ndicho kisichotengenezeka. Ndipo ustadhi alipoweka kanuni yake, kwamba kioo kitazamwe kwanza na hesabu ifuate, na kwamba televisheni iliyopita miaka mitano isitengenezwe kwa zaidi ya thuluthi ya kima cha mpya.

Nakumbuka Bibi mmoja wa Mwembeladu aliyeleta ya inchi 32, umri wake miaka sita, sauti inatoka na picha hapana. "Mwanangu," alisema, "kama ni ya kutupa niambie, nisipoteze nauli." Ustadhi alifunga madirisha, akaiwasha, akaimulika kwa kurunzi kutoka ubavuni, karibu kabisa na kioo, na mle gizani tukamwona msomaji wa habari, hafifu lakini kamili. Akaipitisha kurunzi pembe kwa pembe akitafuta mistari, asiione. "Si ya kutupa, Bi Mkubwa. Kioo kizima, zilizokufa ni taa za nyuma." Taa hizo zimefungwa kwa mfululizo, hata ikiungua moja umeme hukatika na zote huzimika. Kanda mpya zilikuwa shilingi 35,000, ujira 25,000, jumla 60,000, ilhali dukani mpya ya kadiri ile iliuzwa 320,000. Hapo hapakuwa na shaka.

Hitilafu ilizuka baada ya Bibi kuondoka. Mwanafunzi mwenzangu, ambaye leo ana duka kubwa na jina lake sitalitaja, alitaka ibadilishwe ile taa moja iliyoungua, kazi ya shilingi 15,000, akidai kwamba kumtoza maskini kanda nzima ni dhuluma. Hoja yake ina huruma, wala siidharau. Lakini taa zile zimewaka saa zile zile katika joto lile lile, na ikiisha kufa moja, nyingine zimo njiani; mteja hurudi baada ya wiki chache, akalipa tena, na kila mara kioo hunyanyuliwa upya. Kukinyanyua ndiko kwenye hatari, kwani ni chembamba, na ukingoni mwake mna tepe nyembamba zipelekazo picha, ambazo moja ikichanika televisheni imekwisha. Ustadhi alibadilisha kanda zote, za namba ile ile na volti zile zile, kisha akapunguza kidogo umeme wa taa ili zisiungue upesi. Mwenzangu hajakubali hata leo, na wateja wake wa mara ya tatu huja kwangu.

Lakini ustadhi alijua pia kukataa. Ikiletwa yenye mistari ya wima, naye akabonyeza ukingo taratibu mistari ikabadilika, alijua kwamba tepe zimeachia au zimeliwa na kutu, jambo tulionalo sana hapa pwani kwa zilizotundikwa karibu na dirisha la baharini. Kioo kipya hukaribia kima cha televisheni nzima, na kile cha mtumba hakina dhamana. Bodi kuu nayo ina shuruti zake: haitoshi jina la nje kufanana, ni lazima ioane na namba iliyobandikwa mgongoni mwa kioo, kwa hiyo sisi huzitafuta katika televisheni zilizovunjika vioo, na isipopatikana huko, kwa ya miaka minane, namwambia mwenyewe akanunue mpya.

Nanyi vijana mnaofungua kabla ya kumulika, mkamtajia mteja bei ya "bodi" kwa kukisia, mwaila haramu na mwaiharibia jina kazi iliyotulea. Nawe msomaji, ukiwa na televisheni inayosema bila kuonyesha, mtake fundi aimulike mbele yako kabla hamjapatana ujira, na usikubali afungue mpaka umeiona picha kwa macho yako.