Mishale ya Meneja Yamwacha Mdhamini Njia Panda

Wadau, meneja wa msanii mmoja alienda kuomba udhamini na slaidi yenye maboksi 14. Mapato mishale ya kijani, matumizi mishale myekundu. Kumbe mdhamini hatofautishi kijani na nyekundu, kwake yote rangi ya udongo!

“Hapa pesa inaingia au inatoka?” akauliza. Mishale yenyewe ina vichwa pande zote mbili. Promota kwenye duara, ukumbi kwenye nyota, wakati wote ni walipwaji tu.

Dada wa ofisini akaichora upya: maboksi matano, walipwaji wote umbo moja, mapato mstari mnene wa bluu, matumizi nukta nukta za chungwa, kila mshale na neno lake. Akaiprinti nyeusi-nyeupe, bado ikasomeka.

Nyie mngesaini ile ya kwanza?